Shairi Lililoacha Kuimbwa

Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mwandishi kijana kutoka kisiwa cha Ukerewe, alichapisha diwani ya kwanza ya mashairi yake na kuiita Kichomi. Msomaji aliyezoea ukurasa wa mashairi wa magazeti, wenye beti za mistari minne minne iliyolingana urefu, alikutana na kitu kigeni. Mstari wa maneno manane ulifuatwa na mstari wa maneno mawili. Vina havikuwapo. Ubeti mmoja ulikuwa mrefu, wa pili mfupi, na hakuna kanuni iliyoonekana kuamua kwa nini. Kezilahabi alijua ataulizwa, ndiyo maana aliutetea mtindo wake mapema, kwenye utangulizi wa kitabu chenyewe: alitaka ushairi utumie lugha ambayo watu wanaitumia wanapozungumza kila siku.

Hakuwa peke yake, wala hakuwa wa kwanza kabisa. Kabla yake, mwishoni mwa miaka ya 1960, Ebrahim Hussein alikuwa ameshatunga shairi lake la Ngoma na Vailini bila kufuata vina wala hesabu ya mizani. Lakini Kichomi ilikuwa diwani, si shairi moja la kupita, na ndiyo iliyowasha mjadala uliowagawa washairi na walimu wa Kiswahili kwa miaka mingi. Jumanne Mayoka alipotoa kitabu chake mwaka 1986, alikiita Mgogoro wa Ushairi na Diwani ya Mayoka. Neno mgogoro lilikuwa limefika kwenye jalada.

Ubishi mwingi wa wakati ule ulihusu jambo moja: je, utungo usio na vina na mizani unastahili kuitwa shairi? Mimi naona swali hilo lilipita pembeni ya jambo lenyewe. Kabla ya kuuliza kama vina vinaweza kuachwa, ingefaa tuulize vilikuwa vinafanya kazi gani. Kazi ile ikijulikana, ni rahisi kuona kwa nini ilifika siku mshairi akasema hana haja nayo, na kwamba alipoviacha alikuwa anabadilisha zaidi ya sura ya ukurasa.

Tuanze na kanuni. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu ambacho kimekuwa marejeo ya walimu wengi tangu hapo. Shairi la kawaida analolielezea, lile la mishororo minne, lina mizani 16 kwa kila mshororo, yaani silabi 16, zikiwa zimegawanywa katika vipande viwili vya mizani nane nane. Silabi inayofunga kipande cha kwanza hurudi mahali pale pale katika mishororo mingine, na inayofunga kipande cha pili vivyo hivyo. Amri Abedi aliufunga ushairi na uimbaji. Kwake shairi ni wimbo, na lisiloimbika lina kasoro. Hilo ndilo la kushika hapa, kwa sababu kanuni zote nyingine zinatoka humo.

Nimetunga ubeti mmoja kwa ajili ya makala haya ili tuwe na kitu cha kukishika mkononi. Kijana amemaliza chuo, hana kazi, amerudi kijijini kwa baba yake:

Nimerudi kwa safari, cheti changu nakishika,
Baba kaketi tayari, neno lake lamtoka,
Kazi ni jambo la heri, tena usije kuchoka,
Mwanangu wewe subiri, siku njema itafika.

Hesabu kwa vidole utapata nane na nane kila mshororo, ukikumbuka kwamba "m" ya "lamtoka" inasimama yenyewe na kuhesabiwa mizani kamili. Kina cha kati ni "ri", cha mwisho ni "ka". Kwa kanuni za Amri Abedi, ubeti umetimia.

Sasa usome kimoyomoyo, kwa mkazo wa kawaida wa Kiswahili. Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Katika "nakishika" unaosikika kwa nguvu ni "shi", katika "lamtoka" ni "to", katika "kuchoka" ni "cho", katika "itafika" ni "fi". Silabi inayobeba kina, ile "ka", ndiyo dhaifu kuliko zote. Mdomo unaipitia haraka na kuiacha. Kwa hiyo msomaji wa kimya anaviona vina kwa macho, ila sikio la ndani haliyapati mengi.

Lakini mwite mtu anayejua kughani, akuimbie ubeti huo huo. Atafika kwenye ile "ka" na kuivuta, sauti itapanda au kushuka, na msikilizaji ataingoja katika mshororo unaofuata. Silabi dhaifu katika mazungumzo inapata uzito katika wimbo. Mizani nazo zinafanya kazi hapo hapo: ukiwa na lahani moja ya kuimbia beti ishirini, lazima kila kipande kiwe na silabi zinazoienea lahani ile, zisizidi wala kupungua. Vina na mizani, kwa maneno mengine, ni vyombo vya mwimbaji na vya kumbukumbu yake. Ndivyo tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840, zilivyoweza kukaa midomoni mwa watu hadi zikaandikwa baadaye.

Basi fikiria nini kinatokea shairi linapohamia kitabuni. Katika miaka ya 1960 na 1970 Afrika Mashariki ilikuwa na shule nyingi kuliko zamani, vyuo vikuu vyake vyenyewe, na wachapishaji waliotoa diwani za Kiswahili. Akapatikana msomaji wa aina mpya, anayekaa peke yake na kitabu na kusoma bila kutoa sauti. Mbele ya msomaji huyo, silabi iliyotegemea kuvutwa na mwimbaji haina wa kuivuta. Gharama ya kuipata, hata hivyo, inabaki ile ile.

Gharama hiyo iko wazi katika ubeti wangu. Kwa nini baba "kaketi tayari"? Tayari kwa lipi? Neno lile limekuja kwa sababu linaishia na "ri" na lina silabi tatu zilizokuwa zinahitajika. "Jambo la heri" nalo limeletwa kwa njia hiyo hiyo. Mshairi stadi angeficha viraka hivi vizuri zaidi yangu, na mabingwa kama Ahmad Nassir na Abdilatif Abdalla huvificha hadi huvioni. Wana ruhusa zao pia: kufupisha neno, kulirefusha, kupindua mpangilio wa sentensi, kuchukua msamiati wa lahaja au wa zamani. Ruhusa hizo ni sehemu ya utamu wa ushairi wa kimapokeo. Lakini kila moja inaisogeza lugha mbali kidogo na ile inayosemwa jikoni na kwenye kituo cha basi, na ndiyo lugha ambayo Kezilahabi alitaka kuileta ndani ya shairi.

Kuna jambo la pili, ambalo naliona kubwa zaidi. Tazama mshororo wa nne. Ubeti unataka kufungwa, na mshororo wa mwisho ndio mlango wake. Katika mashairi mengi mshororo huo ni kibwagizo kinachorudi kila ubeti. Umbo lenyewe linamsukuma mtunzi atoe kauli iliyokamilika: wasia, onyo, faraja. Nami nilipofika hapo baba alijikuta anasema siku njema itafika. Sikupanga awe na matumaini hayo. Ubeti uliyataka.

Sasa kisa hicho hicho, bila vina wala hesabu:

Cheti kiko mfukoni.
Baba anasogeza kigoda.
Naketi.
Anatazama mikono yangu
kisha
viatu vyangu
kisha mlango.
Kuku anapita katikati yetu.
"Umekula?"
ananiuliza.

Hakuna aliyesema lolote kuhusu kazi, na cheti hakikutoka mfukoni. Hata hivyo msomaji anajua kwamba baba ameelewa, na kwamba anaogopa kuuliza. Shairi halimwambii msomaji la kufanya wala halimpi faraja, linamwachia swali la baba ambalo si swali lake la kweli.

Jambo la kuangalia ni kwamba mpangilio haukutoweka, umehamia kwingine. Mstari wa "Naketi" una silabi tatu tu, na ufupi wake unamfanya msomaji asimame pale kwa muda kabla ya kuendelea. Neno "kisha" limekaa peke yake katika mstari wa tano, likachelewesha jicho la baba lisifike haraka kwenye viatu. Linaporudi mara ya pili halikai tena peke yake, kwa hiyo jicho linakwenda upesi mlangoni, kama la mtu asiyetaka kuonekana ametazama. Marudio yale ya "kisha" yanafanya kazi ambayo kina kilikuwa kinafanya, ya kuunganisha sehemu na sehemu, ila yanaunganisha kwa maana, si kwa silabi ya mwisho. Mistari inayokatwa kabla wazo halijakamilika, ambayo walimu wa fasihi huiita mishata, ndiyo chombo kikuu cha mshairi huru. Katika arudhi mshororo unapendelewa ujitosheleze. Hapa kukatika kwake ndiko kunakosema.

Kwa hiyo mshairi anapobadilisha umbo, anabadilisha pia nafasi anayozungumzia. Malenga wa kimapokeo mara nyingi alisema kwa niaba ya watu na mbele ya watu. Alijibizana na malenga wenzake kwa umbo ambalo wote walilijua, kiasi kwamba hadhira iliweza kumkosoa akipungukiwa na mizani moja. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ya Tanzania iliiona nguvu ya sauti hiyo, na washairi wakahimizwa kuieneza siasa ya Ujamaa. Mathias Mnyampala alikuwa amekuza ngonjera, mashairi ya majibizano ambamo asiyeelewa huelimishwa na anayeelewa hadi mwisho wanakubaliana. Shuleni watoto walizikariri na kuziigiza mbele ya wageni. Zilifaa kazi hiyo kwa sababu umbo lake linamaliza kwa makubaliano.

Kezilahabi alikuwa anaandika katika nchi hiyo hiyo na miaka hiyo hiyo, akiwa na jambo tofauti kifuani. Riwaya yake ya Kichwamaji, iliyotoka mwaka ule ule wa 1974, inamfuata kijana msomi asiyeona maana ya maisha na asiye na mahali pa kusimama kati ya kijiji na chuo. Mtu mwenye maswali ya namna hiyo hawezi kuyaweka katika umbo linalodai jibu kila baada ya mishororo minne. Angeweza kulilazimisha, na angetoka na mashairi yenye vina safi na mawazo yasiyo yake. Ndiyo maana mtindo huru, kwake, ulikuwa njia ya kusema ukweli kuhusu hali ya fikra zake: mtu mmoja anafikiri mbele yako, na hajui bado atafika wapi.

Hapa inabidi tusiseme kupita kiasi. Umbo la kimapokeo si mtumishi wa serikali kwa asili yake. Ushahidi mkubwa ni Abdilatif Abdalla wa Mombasa, aliyefungwa Kenya mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake wa kisiasa uitwao Kenya: Twendapi? Mashairi aliyoyatunga gerezani, yaliyotoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, yanashika arudhi barabara, na ni miongoni mwa mashairi ya upinzani makali kuliko yote tuliyo nayo. Tofauti yake na Kezilahabi haiko kwenye ujasiri. Abdilatif alijua anachokitetea na nani amemkosea, na mwenye kauli kama hiyo hupata katika mizani na vina mahali imara pa kuiegemeza. Mwenye shaka anahitaji kitu kingine.

Ubishi wa miaka ile ulikuwa na sura nyingine iliyouma zaidi: pwani na bara. Watetezi wa arudhi walikuwa na neno lao kwa utungo wenye kasoro za vina na mizani, guni, na wapo waliolitumia kwa mtindo mpya wote. Chini ya neno hilo kulikuwa na tuhuma kwamba watu wa bara wameshindwa kazi, sasa wanaita kushindwa kwao mapinduzi. Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu ya mwaka 1988, alisimama upande wa urithi wa pwani na kutaka utungo uitwe shairi kwa vigezo vya wenyewe walioukuza. Ana haki moja ambayo wapenzi wa mtindo huru hatupaswi kuidharau: huwezi kuyakana mapokeo ambayo hujawahi kuyajua.

Lakini tuhuma yenyewe haisimami. Ebrahim Hussein ni mtu wa pwani ya kusini ya Tanzania. Alamin Mazrui, aliyetoa Chembe cha Moyo mwaka 1988, ni wa pwani ya Kenya. Said Ahmed Mohamed ni Mzanzibari na ametunga kwa namna zote mbili. Hawa hawakukosa masikio ya arudhi, walikua nayo.

Kwa upande wa bara, hoja ya M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi ilikuwa nzito kuliko watu walivyotaka kukiri. Wawili hao, waliotoa Malenga wa Bara mwaka 1976 na baadaye Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, walikumbusha kwamba ushairi wa Waafrika wengi haujawahi kutegemea vina. Mulokozi alizitafiti kwa kina tendi za Wahaya zinazoghaniwa kwa zeze la nanga. Tungo zile zina mdundo, marudio, sitiari na pumzi ya mghani, na hakuna Mhaya aliyezikana kwa kukosa silabi za mwisho zinazofanana. Kezilahabi naye alitoka kwenye ziwa hilo hilo la Viktoria. Kwa hiyo wale wanaosema mtindo huru ni kitu kilichoagizwa Ulaya wanasema nusu tu. Mifano ya Ulaya waliisoma chuoni, hilo halikanushiki. Ila sikio lililopokea mifano ile lilikuwa limekwisha kulelewa na ushairi usio na vina, wa nyumbani kwao.

Hapa naona mabadiliko yalikuwa na maana iliyo pana kuliko ya Kezilahabi mwenyewe. Kiswahili kilikuwa kimekuwa lugha ya mamilioni ambao mama zao walikuwa wamewabembeleza kwa lugha nyingine. Watu hao walikileta kalamuni pamoja na masikio yao. Kuvunjika kwa hesabu ya 16 ni alama kwamba ushairi wa Kiswahili umeacha kuwa mali ya miji ya mwambao peke yake.

Mtindo huru umeleta na hasara zake. Ubeti wangu wa kwanza, pamoja na viraka vyake, unaweza kuushika kwa kichwa baada ya kuusoma mara chache. Ule wa pili utakumbuka kuku na swali la baba, lakini mpangilio wa mistari utakuponyoka. Taarabu haikuwahi kuuhitaji, wala kaswida, wala harusi. Magazeti ya Kiswahili yameendelea kuchapa mashairi ya mishororo minne, na watunzi wake wanaendelea kujibizana kwa mizani. Wanaosoma diwani huru wengi wamepitia sekondari na chuo, jambo linalokwenda kinyume na nia ya Kezilahabi ya kuukaribisha ushairi kwa mtu wa kawaida. Lugha ikawa ya kawaida kweli, lakini kitabu hakikufika kwa kila mtu wa kawaida. Na mashairi yenyewe, kwa kuacha mengi bila kusemwa, yanamdai msomaji kazi ambayo kibwagizo kilikuwa kinamfanyia.

Hasara nyingine ni urahisi wa kudanganya. Mtu anaweza kuandika hivi:

Ndugu zangu
tusome kwa bidii
ili taifa
lisonge mbele.

Namna ya kuligundua shairi bovu la mtindo huru ni hii. Liandike tena kama sentensi ya kawaida, mstari mmoja mpaka mwisho, ulisome. "Ndugu zangu, tusome kwa bidii ili taifa lisonge mbele." Hakuna kilichopotea. Ni hotuba iliyokatwakatwa, na mikato yake haikuwa na sababu. Fanya hivyo hivyo kwa kisa cha kijana na baba yake: "Anatazama mikono yangu kisha viatu vyangu kisha mlango." Habari imebaki, lakini kusita kwa jicho la baba kumekwenda. Kilichopotea hapo ndicho kilichokuwa shairi. Katika arudhi mizani ikipungua sikio linasema mara moja. Katika mtindo huru hakuna kengele ya nje, na mtunzi anajipima mwenyewe kila mstari anaoukata.

Washairi waliokuja baadaye wamelichukua jambo hili mbali. Kezilahabi mwenyewe alifuatisha Karibu Ndani mwaka 1988 na Dhifa mwaka 2008, kabla ya kufariki mwaka 2020. Kithaka wa Mberia, kutoka Kenya, ameutumia ukurasa wenyewe kama kifaa, maneno yakipangwa kwa namna ambayo jicho linapata maana kabla ya sikio. Shairi kama hilo huwezi kulighani, ni lazima ulione. Pale ndipo safari ya kutoka wimbo hadi kitabu inapofikia upande wake wa mbali kabisa.

Darasani, hata hivyo, mtindo huu bado unafundishwa kwa kutaja vinavyokosekana. Mwanafunzi anaulizwa sifa za shairi huru, anajibu: halina vina, halina mizani, idadi ya mistari hailingani. Anapata alama zake na shairi linabaki halijaguswa. Mwalimu angemuuliza kwa nini mstari wa tatu umekatwa pale ulipokatwa, na nini kingebadilika kama neno moja lingeshushwa mstari wa chini, mwanafunzi angelazimika kulisoma shairi lenyewe, na huenda angelitetea au angelikataa kwa sababu zake.